Jedwali la maneno ya Kiswahili na Kiingereza: safu ipi hasa ndiyo inayofundisha?

Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, kila msimu huo ukikaribia majedwali ya msamiati husambaa kwenye simu zetu. Upande wa kushoto neno la Kiswahili, upande wa kulia neno la Kiingereza, chini yake bendera na picha ya twiga. Mgeni anayakariri, anatoka nje kuongea, na watu wanamcheka kwa upole. Maneno anayajua yote, ila sentensi zinakataa. Ukikaa na walimu wanaowafundisha wageni utakuta nao wanabishana: kwenye jedwali tuandike "lala", "kulala" au "-lala"? Na kwa nini mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "lala" ni "sleep" anamtazama mtoto aliyejifunika shuka, anakoroma, halafu anasema "mtoto analala"?

Tuanze na majina ya vitu vyenyewe. Neno linaloorodheshwa ili lielezwe huitwa kidahizo. Neno la lugha ya pili linalowekwa mbele yake ni kisawe. Jedwali zuri lina safu mbili zaidi: mfano, yaani sentensi moja inayolionyesha neno likifanya kazi, na maelezo, yaani taarifa fupi ya kile ambacho kisawe hakiwezi kukisema. Watu wengi hudhani kisawe ndicho kiini na safu mbili za mwisho ni mapambo ya kujazia nafasi. Mimi naona kinyume chake. Kisawe ni kibandiko cha kumwonyesha mwanafunzi yuko mtaa gani tu. Lugha yenyewe inaanzia kwenye mfano.

Chukua nomino kwanza, maana ndiyo rahisi. Kila nomino ya Kiswahili imo katika ngeli, yaani kundi linaloamua maneno mengine kwenye sentensi yavae viambishi gani. Kitabu changu kimepotea, barua yangu imepotea, gari langu limepotea. Mzungumzaji mzawa hafikirii jambo hili hata kidogo, ndiyo maana anapotengeneza jedwali husahau kuliandika. Kumpa mwanafunzi nomino bila ngeli wala wingi ni kama kumuuzia kufuli bila ufunguo: analo mkononi, lakini halimsaidii.

Wapo wanaosema ngeli haihitaji kuandikwa kwa sababu inaonekana kwenye herufi za mwanzo. Likianza na "ki" ni ki/vi, basi. Mara nyingi ni kweli, lakini angalia neno "kiboko". Kiboko wa mtoni ni mnyama, kwa hiyo tunasema kiboko huyu ameingia shambani, viboko hawa wameingia shambani. Kiboko cha kuchapia ni kitu, kwa hiyo ni kiboko hiki kimevunjika, viboko hivi vimevunjika. Umoja ni uleule, wingi ni uleule, tahajia ni ileile. Kinachotenganisha maana ni upatanisho peke yake. Jedwali linaloandika "kiboko" mara moja na kuweka visawe viwili vikitenganishwa kwa mkato limemnyima mwanafunzi jambo pekee alilohitaji kulijua. Hapo panahitajika mistari miwili. (Ile "kiboko yao" ya vijana, yenye maana ya asiyeshindika, ikipewa mstari wa tatu sitalalamika.)

Neno "rafiki" lina mtego wa aina nyingine. Kwa kuwa ni mtu, tunasema rafiki mzuri anakuja, marafiki wazuri wanakuja. Mwanafunzi makini akishaona hivyo ataunda "rafiki wangu", na kwa kanuni aliyofundishwa yuko sahihi kabisa. Lakini sisi tunasema rafiki yangu. Maneno ya ujamaa na ya ukaribu yasiyoanza na kiambishi cha m-, kama baba, mama, dada, kaka, shangazi na rafiki, hufuata njia yake yanapokutana na vimilikishi: dada yangu mkubwa amefika, dada zangu wakubwa wamefika. Yale yenye m- hayana shida hiyo: mjomba wangu, mke wangu, mtoto wangu. Hakuna kisawe cha Kiingereza kinachoweza kubeba habari hii. Sentensi moja, "Rafiki yangu mzuri amefika," inaibeba yote, kwa sababu "yangu" na "mzuri" zimesimama pamoja na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba hazikufuata njia moja.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya mfano unaofundisha na mfano wa kujazia. Majedwali mengi huweka sentensi kama "Ninapenda kitabu." Ni sentensi safi, haina kosa. Lakini ondoa "kitabu" uweke "gari", "barua" au "mkate", na hakuna kingine kitakachobadilika. Maana yake sentensi hiyo haikusema lolote kuhusu kitabu. Sasa jaribu "Kitabu changu kipya kimepotea." Ukiweka "gari" itabidi ubadilishe maneno matatu: gari langu jipya limepotea. Kipimo hiki hakihitaji kamusi wala shahada. Badilisha nomino kwa nyingine ya ngeli tofauti; kama sentensi inabaki ilivyo, mfano haufai.

Vivumishi navyo viguswe hapa kwa ufupi. Kuandika "mzuri" kama kidahizo ni kumwelekeza mwanafunzi aseme "kitabu mzuri". Kiandikwe "-zuri" chenye kistari, ili aone kwamba mbele kuna nafasi ya kujazwa. Lakini "safi", "ghali" na "rahisi" ziandikwe bila kistari, kwa sababu hazibadiliki: nyumba safi, kitabu safi, watu safi. Kistari kimoja kinatosha kutenganisha makundi haya mawili, bila maelezo ya ziada.

Tuje kwenye vitenzi, na ule ubishi wa "lala" au "kulala".

Kidahizo kikiandikwa "kupika", mwanafunzi hukihifadhi kichwani kama kipande kimoja. Kesho yake anataka kusema kwamba anapika ugali, anaweka "nina" mbele, anapata "ninakupika ugali". Hapo amemwambia mwenzake kwamba anampika yeye, kwa maana "ku" iliyokaa katikati ya kitenzi husomeka kama "wewe". Ndiyo maana kamusi za Kiswahili hupanga vitenzi bila "ku", na jedwali nalo linafaa kufuata hivyo: "-pika". Tatizo ni kwamba kuna kundi dogo lisilotii. Vitenzi ambavyo mzizi wake ni mfupi mno, kama -la, -nywa na -ja, hushikilia "ku" yao katika nyakati kadhaa: ninakula, nilikula, nitakula, nimekula. Kisha huiacha kwingine: sili, tule, hula. Kwa hiyo mstari wa "-la" unahitaji mifano miwili, mmoja wenye "ku" na mwingine usio nayo, kwa mfano "Ninakula wali" na "Sili nyama." Na mstari wa "-ja" uwe na njoo na njooni kwenye maelezo, kwa sababu hakuna kanuni itakayomfikisha mwanafunzi kwenye neno hilo. Ni la kukariri tu.

Umbo likishakaa sawa, unabaki mtego mkubwa kuliko yote, ambao sijaona jedwali la safu mbili likiukwepa. Rudi kwa yule mtoto mwenye shuka.

Kisawe kinasema "-lala" ni "sleep". Mwanafunzi amefundishwa kwamba kiambishi "na" kinaonyesha jambo linaloendelea sasa, na "me" kinaonyesha jambo lililokwisha. Mtoto yumo usingizini sasa hivi, jambo linaendelea, kwa hiyo "analala". Mantiki yake haina kasoro. Ila "-lala" ya Kiswahili haitaji ule muda mrefu wa kuwa usingizini. Inataja kule kuingia usingizini, au kujinyoosha kitandani. Kitendo hicho kikishatimia, mtu anabaki katika hali yake. Kwa hiyo mtoto anayekoroma amelala: alishaingia, na bado yumo. "Analala" itafaa kwa anayepanda kitandani dakika hii, au kwa mazoea: analala saa tatu, analala chumba cha nyuma.

Vitenzi vya aina hii viko vingi, na ndiyo maneno ya kila siku. Mwenye koti mwilini amevaa koti. Anayevaa bado anatafuta mkono wa pili. Aliye mlangoni kwa miguu yake amesimama, aliye kwenye kiti amekaa. Nimechoka, nimeshiba, chai imepoa, kikombe kimejaa. Yote haya Kiingereza huyasema kwa njia zake za wakati uliopo, nasi tunayasema kwa "me". Na jedwali likieleza "me" kwa neno "has" tu, basi "amelala" itafasiriwa kama usingizi uliokwisha, na mwanafunzi atamwamsha mtu aliyelala, akidhani mtu huyo yuko macho.

Namna ya kuvitambua ni kujiuliza: kitendo kikishakamilika, mhusika anabaki katika hali fulani inayoonekana? Mtu akishavaa, anabaki amevaa. Akishachoka, anabaki amechoka. Lakini akishakula, kula kumekwisha, kwa hiyo anayetafuna sasa anakula, hajawa amekula. Kipimo hiki kina mpaka wake. -jua, -penda na -taka ni hali pia, lakini hutumia "na": anajua, anapenda, anataka. Kadhalika "-kaa" ikiwa na maana ya kuishi mahali hurudi kwenye "na": anakaa Mbagala. Kwa sababu ya mipaka hii, siamini kwamba kanuni peke yake inatosha. Kila kitenzi kiwe na mfano wake, na kwa vitenzi vya hali mfano uwe kwenye "me" tangu siku ya kwanza, ili mwanafunzi aidake "amevaa" kabla hajazoea "anavaa".

Tuujenge mstari wa "-lala" mpaka mwisho. Kidahizo: -lala. Kisawe: "sleep, lie down", vyote viwili, kwa sababu mtu anaweza kulala chali akiwa macho anatazama dari. Mfano wa kwanza: "Usipige kelele, mtoto amelala." Sehemu ya kwanza ya sentensi ndiyo inayofanya kazi, inamlazimisha msomaji aelewe kwamba usingizi unaendelea sasa. Ukiandika "Mtoto amelala" pekee, anayeamini "me" ni jambo lililokwisha hatapata sababu ya kubadili mawazo. Mfano wa pili: "Baba analala saa nne usiku," kuonyesha mazoea. Tafsiri ya mfano wa kwanza kwa Kiingereza iwe kama wanavyosema wenyewe, "the baby is asleep", isiwe tafsiri ya kiambishi kwa kiambishi. Kwenye maelezo: hali ya sasa hutumia "me", ukanushi wake ni "hajalala", yaani bado yuko macho, ilhali "halali" ni mtu asiyelala kwa kawaida au anayegoma kulala. Hayo ni maelezo ya mistari miwili, na kwa neno hili yanatosha.

Kuna watakaosema mstari kama huo ni mrefu, jedwali la maneno 500 litajaa kitabu kizima. Ni kweli. Lakini maneno hayadai nafasi sawa. "Meza" inahitaji mfano mmoja na wingi usiobadilika, basi. "Jumanne" haihitaji chochote zaidi ya kisawe chake. Nafasi iliyookolewa huko ndiyo ya kuwapa akina "-lala". Jedwali ambalo kila mstari una urefu uleule linanitia shaka kabla sijalisoma.

Mpaka hapa ni Kiswahili kilichokuwa kinaficha mambo. Kiingereza nacho huunganisha vitu ambavyo sisi tunavitenga. "Marry" ni neno moja kwa wote, lakini kwetu Juma amemwoa Asha, na Asha ameolewa na Juma. Mwanamke mgeni anayejibu "nimeoa" atasababisha kicheko, na jedwali lake ndilo la kulaumiwa. "Sorry" nayo imebeba mizigo miwili. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala unasema samahani. Ukimkuta mtu ana homa, au amejikwaa mwenyewe, unasema pole. Anayemkanyaga mwenzake halafu akasema pole bila samahani anaonekana kama mpita njia aliyeshuhudia ajali. Upande wa pili, Mtanzania akimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", huyo hushangaa na kujibu kwamba si kosa lake.

Na "shikamoo"? Wengi huipa kisawe cha "hello", jambo linalofanya mgeni amsalimie hivyo mtoto wa shule. Neno lisilo na kisawe liachwe bila kisawe. Safu hiyo iandikwe kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, jibu lake marahaba, na mfano uwe wa watu wawili: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu."

Hivi ndivyo mistari michache inavyoweza kuonekana ikishakamilika:

| Kiswahili | Kiingereza | Mfano | Maelezo |
|---|---|---|---|
| kiboko / viboko | hippopotamus | Kiboko huyu ameharibu mahindi. | Mnyama: upatanisho wa a-/wa-. |
| kiboko / viboko | whip | Kiboko hiki kimevunjika. | Kitu: upatanisho wa ki-/vi-. |
| rafiki / marafiki | friend | Rafiki yangu mzuri amefika. | Yangu, yako, yake. Wingi zangu, zako, zake. |
| -vaa | put on, wear | Leo amevaa koti jekundu. | Hali ya sasa ni "me". "Anavaa": yumo katika kuvaa, au ni mazoea. |
| -oa | marry | Juma amemwoa Asha. | Anayeoa ni mwanamume. Mwanamke huolewa, wote wawili wameoana. |
| pole | sorry | Pole kwa msiba. | Kumfariji mtu. Kuomba radhi ni samahani. |

Jambo moja la kuongeza kwenye maelezo, pale tu linapohitajika, ni mahali neno linapotumika. Mwanafunzi aliyejifunza "tarakilishi" kwenye kitabu cha Kenya akifika Dar es Salaam atasikia "kompyuta" tu. Hakuna lililo kosa. Mstari uandike yote mawili na useme lipi linasikika wapi.

Jedwali hilo hapo juu nimelitengeneza kwa mtu anayejua Kiingereza na anayejifunza Kiswahili. Hapa ndipo majedwali mengi ya mtandaoni yanapochanganya mambo, kwa sababu mtengenezaji hudhani kwamba akibadilisha safu, Kiingereza kikaja kushoto, basi mwanafunzi wa darasa la tano wa Singida naye amehudumiwa. Hajahudumiwa. Mtoto huyo hahitaji kuambiwa kwamba kiboko wa mtoni ni "huyu"; alizaliwa anajua. Anachohitaji kwenye mstari wa "sleep" ni kwamba wakati uliopita ni "slept", na kwamba "yeye" yake moja italazimika kugawanyika kuwa "he" na "she". Kwenye mstari wa "hair" anahitaji kuonywa kwamba nywele za kichwani, ambazo kwake ni nyingi, Kiingereza huzihesabu kama kitu kimoja: "her hair is long", si "her hairs are long". Na "advice" haina wingi hata ushauri ukiwa wa wazee kumi. Kwa hiyo unapopewa jedwali na mtu akakuambia linafaa kwa wanafunzi wa lugha zote mbili, nenda moja kwa moja kwenye safu ya maelezo uangalie yanamwonya nani. Ikiwa hayamwonyi yeyote, ulichonacho ni orodha ya visawe.